Barua ya wazi kwa Kamishna wa Bima: ada ikipanda, tuonyesheni imepandishwa na nini

Kwa Kamishna wa Bima, Mamlaka ya Kudhibiti Bima, Nairobi, na kwa wakuu wa kampuni zinazouza bima ya afya nchini Kenya.

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Mombasa. Mimi ni mweka hazina wa kamati ya ustawi wa wafanyakazi katika shule ya binafsi. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kupokea barua zenu za kuhuisha bima na kuwaeleza walimu, madereva na wapishi ambao makato ya mishahara yao ndiyo yanayoilipa. Jamaa na majirani wenye bima zao binafsi nao huniletea barua zao, kwa sababu mtaani imejulikana kwamba mimi huzisoma mpaka mstari wa mwisho. Barua hizo zinafanana. Zina jina la mteja, nambari ya mkataba, tarehe ya kumalizika, na tarakimu moja mpya iliyo kubwa kuliko ya mwaka jana. Chini yake pana sentensi moja tu: ada imerekebishwa kutokana na kupanda kwa gharama za matibabu na historia ya madai.

Sisemi ada isipande. Hospitali hupandisha bei zao, dawa na vifaa vingi vya maabara huagizwa kutoka nje, na kampuni inayolipa zaidi ya inachokusanya haidumu. Ikianguka, wa kwanza kuumia ni mgonjwa aliye kitandani. Ninachotaka ni tarakimu ile moja igawanywe. Ndani yake mna mambo matatu yasiyohusiana: bei ya jumla iliyopandishwa kwa wateja wote, umri wa mtu aliyetoka kundi moja akaingia jingine, na madai ya mteja mwenyewe au ya kikundi chake. Kila moja lina hesabu yake, na kila moja huulizwa kwa njia yake. Yakishachanganywa, mteja hana pa kushika. Atalalamika kwamba ni ghali, atapewa punguzo dogo la kumtuliza, na hakuna atakayejua kama hesabu ilikuwa sawa tangu mwanzo. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na sisi tunauziwa kila mwaka.

Nianze na umri, kwa kuwa ndio unaowashtua watu wengi na ndio ulio rahisi kuonyesha.

Chukueni familia ya baba, mama na watoto wawili ambayo mkataba wake huanza tarehe 1 Aprili. Tarakimu nitakazotumia ni za mfano, nimezilainisha ili zifuatike, lakini mwendo wake ndio ninaouona katika barua halisi. Mwaka jana baba na mama wote walikuwa katika kundi la miaka 40 hadi 49, kila mmoja kwa shilingi 62,000. Watoto walilipiwa shilingi 28,000 kila mmoja. Jumla ni shilingi 180,000. Juu yake huongezwa tozo ya mafunzo ya asilimia 0.2, tozo ya hazina ya fidia kwa wenye bima ya asilimia 0.25, na ushuru wa stempu wa shilingi 40, ambazo si mali ya kampuni. Nitaziacha kando, ila msomaji azikumbuke anapolinganisha, maana nimeona watu wakilinganisha ada tupu ya mwaka jana na ada yenye tozo ya mwaka huu.

Mwaka huu barua inasema shilingi 218,160. Hilo ni ongezeko la shilingi 38,160, zaidi kidogo ya asilimia 21. Sababu iliyotajwa ni gharama za matibabu. Baba anasoma, anawaza kama kweli hospitali zimepanda kwa asilimia 21 katika mwaka mmoja, na anaona amedanganywa.

Hesabu yenyewe ni hii. Kampuni ilipandisha jedwali lake lote la bei kwa asilimia 8. Asilimia 8 ya 180,000 ni shilingi 14,400, na hiyo tu ndiyo inayostahili kuitwa gharama za matibabu. Kisha baba akahesabiwa kuwa na miaka 50, akahamishiwa kundi la 50 hadi 59. Katika jedwali jipya mtu wa kundi la 40 hadi 49 hulipa shilingi 66,960, na wa kundi la 50 hadi 59 hulipa shilingi 90,720. Tofauti ni shilingi 23,760. Jumlisheni 14,400 na 23,760 mtapata zile 38,160 kamili. Yaani zaidi ya nusu ya ongezeko ilitokana na umri wa mtu mmoja katika watu wanne, na barua haikuutaja hata kwa neno.

Sipingi kwamba aliyefika miaka 50 alipe zaidi ya mwenye miaka 30. Shinikizo la damu, kisukari, tezi dume, magoti na macho huja na miaka, na anayepanga bei akiwatoza wote sawa, vijana watajitoa na ada ya waliobaki itapanda zaidi. Lakini mwili hauzeeki kwa ngazi za miaka kumi kumi. Ngazi hizo ziliwekwa kwa urahisi wa jedwali. Matokeo yake ni kwamba mtu hukaa miaka tisa haoni mabadiliko ya umri katika bei yake, halafu mwaka wa kumi anabebeshwa yote kwa mkupuo. Kampuni inayotumia makundi ya miaka mitano, au inayopandisha kidogo kila mwaka, hukusanya fedha zinazokaribiana bila kumtikisa mtu hivyo. Na hata makundi ya miaka kumi yakibaki, jedwali zima lingeambatanishwa na mkataba tangu siku ya kwanza, mwenye miaka 47 angeuona mlima ulio mbele yake na kujiwekea akiba.

Lipo jambo jingine katika mfano huu, na ndilo huwa naliangalia kabla ya yote. Baba yule amezaliwa mwezi wa Juni. Mkataba unaanza Aprili. Siku bima inaanza, bado ana miaka 49. Kama mkataba unahesabu umri uliotimia siku ya kuzaliwa iliyopita, alistahili kubaki katika kundi la 40 hadi 49 kwa mwaka mmoja zaidi, na zile shilingi 23,760 hazikupasa kudaiwa. Kama mkataba unahesabu umri utakaotimia siku ya kuzaliwa ijayo, kampuni iko sawa. Na kama mtu fulani ofisini ametoa tu mwaka wa kuzaliwa kwenye mwaka huu wa kalenda, basi kuna wateja wengi wanaotozwa kabla ya wakati, kwa sababu mkataba ukianza katika miezi ya mwanzo ya mwaka, idadi kubwa ya watu huwa bado hawajafikia siku yao ya kuzaliwa. Swali la mteja hapa ni fupi: umri wangu umehesabiwa kwa tarehe gani, na kifungu gani cha mkataba kinasema hivyo? Nimeona swali hilo peke yake likirudisha fedha.

Mtu huambiwa, kama hukubali, hama. Kwa kijana mwenye afya hilo ni shauri la kweli. Kwa mwenye miaka 58 anayemeza dawa za presha, si shauri. Kampuni mpya itamwekea muda wa kungoja, mara nyingi mwaka mzima, kabla ya kugharamia maradhi aliyokuwa nayo, na bima nyingi hazimpokei mteja mpya aliyepita miaka 60 au 65. Kwa hiyo yule anayepandishiwa zaidi ndiye asiyeweza kuondoka. Mheshimiwa Kamishna, ninakuomba ulitazame hilo kwa makini. Mahali ambapo mteja hawezi kuhama, ushindani hauwezi kumlinda, na kinachobaki kumlinda ni maelezo yaliyoandikwa na jicho lako.

Sasa nije kwenye madai, ambako ndiko fedha nyingi zaidi hupotelea.

Katika bima ya mtu binafsi, maana ya kuchanga pamoja ni kwamba aliyeugua mwaka huu hubebwa na ambao hawakuugua. Ikiwa kampuni humwongezea mteja mmoja mmoja ada kwa sababu alilazwa, iseme wazi katika mkataba, kwa kiwango na kwa ukomo. Ikiwa mkataba hausemi, isifanye. Sitakaa hapo zaidi.

Katika bima ya kikundi hali ni nyingine. Shule, chama cha akiba, kanisa au kampuni ndogo hupangiwa bei kwa kutazama uwiano wa madai yake, yaani madai yaliyotumika yakigawanywa kwa ada ya kipindi hichohicho. Kila kampuni ina kiwango inachokiona kuwa cha usalama, kwa sababu sehemu ya ada huenda kwa mishahara, mawakala, usimamizi na faida. Tuseme kiwango hicho ni asilimia 75. Uwiano wa kikundi ukiwa juu ya hapo, ada hupandishwa mpaka urudi hapo. Kanuni yenyewe ni ya haki. Kinachoniumiza ni namna uwiano unavyopatikana.

Nitaieleza hesabu ya kikundi kimoja cha wafanyakazi 42 na familia zao, nikiwa nimebadilisha tarakimu. Ada ya mwaka ilikuwa shilingi 3,600,000, kuanzia Januari hadi Desemba. Ripoti ya madai ilikatwa mwisho wa Septemba, kwa hiyo ada iliyohusika ilikuwa ya miezi tisa, shilingi 2,700,000. Ripoti ilionyesha madai yaliyolipwa ya shilingi 1,890,000, na madai yaliyokuwa yakisubiri ya shilingi 702,000. Jumla 2,592,000. Uwiano asilimia 96.

Kampuni ikagawanya 96 kwa 75, ikapata kwamba ada ipande kwa asilimia 28. Kisha ikaongeza asilimia 8 ya bei za hospitali juu yake. Ada mpya ikawa shilingi 4,976,640, ongezeko la zaidi ya asilimia 38. Barua ilifika zikiwa zimebaki wiki chache mwaka uishe, na sote tunajua sheria yetu haikubali bima ianze kabla ya ada kulipwa.

Kikundi kiliomba orodha ya madai, si majina ya magonjwa, bali tarehe ya huduma, aina ya huduma, kiasi, na kama dai limelipwa au linasubiri. Orodha ilipokuja, upande wa yanayosubiri ulikuwa na dai moja la shilingi 480,000. Hiyo ilikuwa barua ya dhamana ambayo kampuni huipa hospitali kabla ya upasuaji, kuahidi kulipa mpaka kiasi hicho. Upasuaji ulifanyika mwezi wa Mei. Bili ya mwisho ilikuwa shilingi 312,000, ililipwa, na ilikuwa tayari imo katika upande wa yaliyolipwa. Lakini barua ya dhamana haikufutwa. Mgonjwa mmoja, upasuaji mmoja, umehesabiwa mara mbili, na mara ya pili kwa kiasi ambacho hakikufikiwa kamwe.

Kulikuwa pia na shilingi 60,000 za mwezi wa Juni chini ya jina la mtu aliyeacha kazi mwezi wa Machi. Kikundi kilikuwa kimetuma notisi ya kumwondoa na kilikuwa na nakala yake yenye muhuri wa kupokelewa, lakini kadi yake haikuzimwa. Kosa hili lingeweza pia kuwa la kikundi. Vikundi vingi husahau kutuma notisi, na hapo hawana wa kumlaumu.

Toeni 480,000 na 60,000. Zinabaki shilingi 2,052,000, na uwiano unashuka mpaka asilimia 76. Hapo kampuni ilitoa hoja ya kweli: hospitali huchelewa kuleta bili, na ripoti ya Septemba haina huduma zote za Septemba wala za Agosti. Ikaongeza asilimia 5 kwa ajili ya bili ambazo hazijafika. Madai yakawa shilingi 2,154,600, uwiano asilimia 79.8. Gawanyeni kwa 75, ongezeni asilimia 8 ya bei, ada inakuwa kama shilingi 4,137,000. Bado imepanda, kwa karibu asilimia 15. Ila tofauti kati ya barua ya kwanza na hesabu iliyosafishwa ni kama shilingi 840,000. Gawanyeni kwa wafanyakazi 42 mtaona kila mmoja angekatwa shilingi 20,000 kwa kosa ambalo hakuna aliyelijua.

Sidhani kwamba kuna aliyekusudia. Barua za dhamana zisizofutwa ni uchafu wa mfumo, na mfumo huo uko kwenu. Lakini angalieni upande unaoangukia. Dhamana iliyosahaulika hupandisha uwiano. Mwanachama asiyefutwa hupandisha uwiano. Bili ya kulazwa ambayo hospitali haikuikata sehemu inayobebwa na SHA, mamlaka ya serikali ya bima ya afya ya jamii, nayo yote huingia kwenye madai ya kikundi na kupandisha uwiano, ingawa mfanyakazi huyo amekatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote kwa ajili hiyohiyo. Makosa haya yote huelemea upande mmoja, kwa hiyo kuyaacha yajisahihishe yenyewe hakuwezi kuwa haki.

Lipo na suala la udogo. Familia za wafanyakazi 42 ni watu mia moja na kitu. Kwa idadi hiyo, mgonjwa mmoja wa chumba cha wagonjwa mahututi hugeuza mwaka mzima, na mwaka unaofuata uwiano hushuka bila yeyote kufanya lolote. Watakwimu bima wenu wanajua hivyo kuliko mimi. Ndiyo maana kwa kikundi kidogo bei haipaswi kutegemea historia yake peke yake. Inapaswa kuchanganywa na hali ya vikundi vyote vinavyofanana nacho, na historia yake ipewe uzito mdogo kadiri kilivyo kidogo. Tunachotaka kujua ni uzito huo mliotupa. Je, mwaka wetu mbaya umehesabiwa wote, nusu, au robo? Na je, mwaka wetu mzuri ulipewa uzito uleule? Nimeona vikundi vilivyopandishwa kwa mwaka wao mbaya, na vilipokuwa na uwiano wa asilimia 45 vikaambiwa ni vidogo mno kupata punguzo. Historia ya kikundi ikitosha kukipandishia, itoshe pia kukipunguzia.

Tena madai yenyewe hayalingani. Ajali ya bodaboda iliyovunja mguu mwaka huu haisemi lolote kuhusu mwakani. Uzazi uliopita umepita. Usafishaji wa damu kwa mgonjwa wa figo utarudi kila wiki, na dawa za kisukari kila mwezi. Anayepanga bei ya mwaka ujao kwa kuyajumlisha yote katika kapu moja anatutoza kwa mguu ambao umeshapona. Ninapoiandikia kampuni huomba madai makubwa yatengwe, yale yanayotarajiwa kurudi na yale yasiyotarajiwa, na bei ionyeshwe kwa namna zote mbili. Mara kwa mara hujibiwa kwamba mfumo hauwezi. Mfumo ulioweza kuyajumlisha unaweza kuyatenganisha.

Nimesikia pia jibu kwamba orodha ya madai ni siri. Kwa kikundi, ni kweli kwamba majina na magonjwa hayapaswi kuonekana na mwajiri, na mimi sitaki kuyaona. Ripoti isiyo na majina inatosha kabisa. Kwa mtu binafsi jibu hilo halisimami. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 humpa mtu haki ya kuona taarifa zake mwenyewe na kutaka zilizo na makosa zirekebishwe, na kanuni zake za mwaka 2021 huweka siku 7 za kumwonyesha. Katiba, kifungu cha 46, humpa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na huduma anayoinunua. Dai lililoandikwa kwa jina langu ni taarifa yangu. Kama kuna matibabu ya hospitali ambayo sijawahi kuingia yamewekwa kwenye kadi yangu, mimi ndiye ninayeweza kuyatambua. Kwa kunionyesha, kampuni hupata mkaguzi wa bure dhidi ya udanganyifu ambao mnaulalamikia kila mara.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Kamishna, ombi langu kwako ni waraka mmoja kwa kampuni zote zenye leseni ya bima ya afya. Barua ya kuhuisha itumwe siku 60 kabla ya mkataba kumalizika. Iwe na mistari mitatu chini ya ada mpya: kiasi kilichotokana na jedwali jipya la bei, kiasi kilichotokana na umri, pamoja na jina la mtu, kundi alilotoka na alilohamia, na tarehe umri wake ulipohesabiwa, kisha kiasi kilichotokana na madai. Kwa kikundi, ripoti ya madai iambatanishwe bila kuombwa, ikionyesha yaliyolipwa mbali na yanayosubiri, na kila barua ya dhamana iwe na tarehe yake. Barua ya dhamana iliyozidi siku 90 bila bili ithibitishwe na hospitali au iondolewe kwenye hesabu. Sikuombi utupangie bei, maana bei ya kila mteja ni ya kampuni. Nakuomba uifanye isomeke.

Kwenu wakuu wa kampuni, mnaweza kufanya haya bila kungoja waraka. Kampuni itakayotangulia nitaipelekea kikundi chetu, hata ikiwa si ya bei ya chini kabisa.

Na kwa kuwa barua hii iko wazi, wenzangu waweka hazina na wenye bima binafsi wataisoma pia, niwaeleze ninavyofanya wakati waraka haujaja. Ripoti ya madai mimi huiomba mwezi wa saba wa mkataba, kabla haijaanza kutumika kupangia bei, kisha naiomba tena barua ya kuhuisha inapofika. Huandika barua pepe, sipigi simu, na huomba jibu la maandishi kwa maswali matano: ada yangu mpya ingekuwa ngapi kama hakuna aliyebadilisha kundi la umri, umri umehesabiwa kwa tarehe gani, uwiano wa madai umepatikanaje na ni wa miezi mingapi, ni kiasi gani kinasubiri na kwa dhamana zipi, na historia yetu imepewa uzito gani. Nikiona kosa nalitaja kwa tarehe na kiasi, na kuomba hesabu irudiwe, kwa sababu anayeomba punguzo tu hupewa punguzo tu, na kosa hubaki kwenye mfumo kumngojea mwakani.

Mkataba ukikaribia kuisha kabla ya jibu kuja, naomba muda wa mwezi mmoja kwa ada ya zamani, ikilipwa kwa hesabu ya siku, na makubaliano hayo yawe kwa maandishi. Tafadhalini, msiache bima ikatike ili kushinikiza. Ikikatika, muda wa kungoja huweza kuanza upya, na mwenye presha ndiye atakayelipia ubishi huo. Jibu la kampuni lisiporidhisha, peleka barua zote mbili, jedwali la mwaka jana na la mwaka huu, na ripoti ya madai kwa Mamlaka. Lalamiko lenye hesabu linaweza kufuatiliwa. Linalosema tu kwamba bima ni ghali, hata afisa mwenye nia njema hajui alianzie wapi.

Mikataba mingi ya shule huanza Januari, na bei zake hupangwa kati ya Septemba na Novemba. Waraka ukitoka kabla ya hapo, barua zijazo zinaweza kuwa na ile mistari mitatu.

Wenu,
Mweka hazina, kamati ya ustawi wa wafanyakazi,
Mombasa